Maneno ya Nyuma ya Jukwaa

Wanakwaya wangu, Bwana Yesu asifiwe.

Tuko arobaini na wawili, na zamu yetu ni ya tano. Tumetoka Machame saa kumi na moja alfajiri kwa Kosta mbili, tumefika Arusha na baridi bado iko kifuani. Sitaki turudie nyimbo hapa nyuma, tutazichosha. Nitasema nusu ya msemo, nanyi mmalizie kwa sauti ya chini, kama tulivyozoea Alhamisi baada ya mazoezi.

Pumzi yangu fupi — pumzi yetu ndefu.

Nikikata, unashika — ukikata, nashika.

Aliye kando yangu — ndiye pafu langu la tatu.

Huo wa tatu urudieni. Wimbo wa lazima una ule mstari wa ubeti wa pili ambao hakuna kifua cha mtu mmoja kinachoweza kuumaliza, hata cha besi zetu waliozoea kupanda mlima na mzigo. Tulikubaliana: usivute pumzi pale anapovuta jirani yako. Usisubiri mwisho wa neno, maana hapo ndipo kila mtu anatamani kuvuta, na wote tukivuta hapo wimbo unatoboka. Vuta katikati ya irabu, midomo ikibaki na umbo lake, kisha rudi kwa sauti ndogo kuliko ile uliyotoka nayo, uikuze taratibu.

Ondoka kwa kunyata — rudi kwa hodi.

Anayeogopa kupumua — humnyima mwenzake zamu.

Nawaambia kwa moyo wote, kukauka pumzi si ushujaa. Nimeona waimbaji wazuri waking'ang'ania noti mpaka shingo zinasimama mishipa, kwa sababu hawakuamini kwamba aliye pembeni ataishika. Atashika. Ndiyo maana amepangwa pale.

Sauti ya kwanza, huu ni wenu:

Kupanda juu — si kupiga kelele.

Besi, na nyinyi:

Nyumba husifiwa rangi — husimama kwa msingi.

Teno na alto mnajua kwamba nyinyi ndio mnaoshona shuka. Uzi hauonekani, lakini ukikatika kila mtu anajua.

Mwaka jana tulishuka nusu sauti kwenye wimbo wa hiari, nami nikawalaumu alto mbele ya watu. Kosa halikuwa lao. Mimi ndiye niliyeharakisha mkono kwenye kiitikio, mkakosa nafasi ya kuvuta vizuri, na kifua kisichojaa hakibebi sauti. Nilishaomba radhi, leo naomba tena kabla hatujapanda. Leo mkono wangu utawasubiri.

Sauti ikishuka — tushuke wote, tusigombane njiani.

Usitake kuinyanyua kwaya peke yako. Tukiwa chini pamoja bado ni wimbo. Mmoja akipanda juu kuokoa jahazi, waamuzi watasikia nyufa mbili.

Ukisahau neno — macho kwa mwenzako, mdomo wazi.

Ukikosea — usimtazame aliyesikia.

Binti yetu mpya wa sauti ya pili, uliyejiunga baada ya Pasaka, sogea hapa mbele. Juzi uliniambia unaogopa utaiharibia kwaya. Shika mbavu zako za chini, vuta mpaka mikono yako isukumwe nje. Hivyo. Sasa shika mkono wa dada aliye kushoto kwako, usikie na yeye anavuta. Basi, huna cha kubeba peke yako.

Na msitishwe na mavazi ya wenzetu wala vyombo vyao. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg alipotunga, mwaka 1897, ule wimbo ambao sisi tunausimamia tukiimba Mungu Ibariki Afrika. Kumbukeni gwaride la shule: watoto ambao hawajawahi kukaa mazoezini huvuta pumzi mahali pamoja, bila mtu kuwafundisha. Sisi tumekaa mazoezini miezi minne, mvua ikinyesha juu ya bati mpaka tukawa hatusikilizani kwa masikio, tunasikilizana kwa mabega.

Bega likiinuka — wimbo umeshaanza.

Noti ya kwanza — ni ile pumzi isiyosikika.

Kwaya ya nne inashuka, wapigieni makofi, wameimba vizuri. Maji funda moja tu kila mtu. Fungeni vifungo vya joho. Besi na teno mtangulie kupanda, maana mnasimama nyuma, kisha alto, kisha sauti ya kwanza. Shikaneni mikono mpaka kwenye ngazi, hapo mwachiane.

Nikiinua mkono —

tunavuta.