Kwa Rehema, usiku wa kuamkia pepa la hesabu

Shoga yangu Rehema,

Najua hujalala. Ilham kashalala zamani, na wewe umekaa sebuleni na ile kaunta buku yako, unafunua kurasa za logi huku macho yako yako kwenye simu. Basi soma ujumbe huu mpaka mwisho, na usinijibu. Ukinijibu nitajua hujanielewa.

Nakutakia kila la heri kesho. Nimeliweka mbele hili kwa sababu nakujua, unaweza kusinzia katikati ya barua yangu. Jioni nilipita kanisani nikakuombea, na najua mama yako naye amekesha kwenye msala wake, kwa hiyo huko juu jina lako limeshafika kwa njia mbili.

Sasa nisikilize. Ile F ya mwaka 2016 unayoibeba mpaka leo kama jina la ukoo, uliipata kwenye darasa ambalo mwalimu wa hesabu alihama tukiwa kidato cha tatu, na hatukuletewa mwingine mpaka tumekaribia kumaliza. Mimi nilipata D, tena ya kubahatisha, na tangu siku ile hakuna aliyeniuliza niliipataje. Wewe umefunga genge jioni baada ya jioni ukaenda tuisheni kukaa benchi moja na watoto wanaokuita shikamoo dada. Umejiandikisha mtahiniwa wa kujitegemea, ada umelipa kwa hela ya nyanya. Anayeingia chumbani kesho ni mtu mwingine kabisa na yule wa 2016.

Tena unachokitaka ni kozi ya upimaji ardhi. Wanaodai ufaulu wa hesabu hawakukuonea, ile kazi ni pembe na umbali kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nakumbuka wapima walipokuja Ipuli kupima viwanja, wewe ndiye uliyewashikia utepe siku nzima bila kulipwa, na ulirudi nyumbani umefurahi kuliko waliolipwa. Niliposikia umerudi shule sikushangaa. Nilishangaa umechelewa.

Hesabu ya kesho yenyewe ipo hivi, na nakuandikia kwa takwimu ili ukianza kuhofia usiku ujihesabie. Sehemu A ina maswali 10, kila moja alama 6. Sehemu B ina manne, kila moja alama 10. D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. Maana yake maswali matano tu ya sehemu A yakikaa sawasawa, D unayo mkononi kabla hujagusa sehemu B. Manane yakikaa, una 48, hiyo ni C. Hakuna anayekudai uwe bingwa wa mkoa. Unatakiwa kuokota alama zako moja moja, kama unavyookota shilingi mia mia gengeni, na kwa kuokota hujambo.

Halafu nyingi ya hizo alama ziko kwenye mambo unayoyafanya kila siku. Wewe ukinunua tenga la nyanya kwa 40,000 ukaliuza kwa 52,000, kabla hujafika nyumbani unajua umepata faida ya 12,000, na nikikuuliza ni asilimia ngapi utasema 30 bila kalamu. Swali la faida na hasara likija, usilisome kwa woga eti kwa kuwa limeandikwa Kiingereza. Ni genge lako hilo. Uwiano ni genge. Hata lile swali refu la mwisho la mkulima na ekari zake, apande mahindi kiasi gani na maharage kiasi gani apate faida kubwa, ukichora grafu yako taratibu kwa penseli na rula, ni mtu anapanga mtaji tu.

Usianze na swali la kwanza kwa sababu ni la kwanza. Pitia pepa zima, uanze na unalolijua. Hili mwalimu wako wa tuisheni ameshakuimbia mpaka umechoka, lakini wewe una kichwa kigumu, ukikwama unataka kushindana na swali mpaka litoe damu. Kesho usishindane. Likikugomea, acha nafasi, nenda mbele, utarudi. Na njia andika yote, hata ile unayoiona ya kitoto. Ukikosea kuzidisha mstari wa mwisho, msahihishaji awe na pa kukupa chochote. Jibu tupu likiwa baya hana la kukusaidia.

Kikokotoo kiache nyumbani, hakiruhusiwi. Vitabu vya jedwali vinatosha, na kwenye sine na kosine hukosei siku hizi, nimekusikia kwenye simu ukimfundisha yule kijana wa jirani. Namba ya mtihani iandike kila ukurasa. Kalamu mbili za bluu, penseli, rula, kifutio, viweke kwenye mfuko sasa hivi, si asubuhi wakati Ilham anatafuta kiatu chake.

Na kuna jambo moja naomba unielewe vizuri. Usiku huu lazima atatokea mtu kwenye lile grupu lenu la tuisheni aseme pepa limevuja, tuma elfu tano akutumie. Usifungue. Usiulize hata kama ni kweli. Mara nyingi ni matapeli wanaouza pepa la miaka ya nyuma, na siku likiwa la kweli Baraza linafuta matokeo, jasho lako lote linaondoka na la wezi. Toka kwenye grupu kabisa, utarudi ukimaliza mitihani.

Mvua zimeshaanza huko, nasikia jana ilinyesha kutwa. Kwa hiyo usitegemee kutembea. Mwambie yule bodaboda wako aje saa 12:30, si saa moja, maana akikuambia saa moja ana maana ya saa moja na nusu na pepa ni saa 2:00 kamili. Ilham mpeleke kwa bibi yake alfajiri, au bora zaidi bibi aje kwako. Kunywa uji, hata kama tumbo linakataa. Nusu kikombe. Usije ukafika swali la tisa njaa ikakukata.

Ukikaa kwenye kiti, piga bismillah yako, vuta pumzi, funua. Mikono ikitetemeka iache itetemeke, itaacha yenyewe ukishapata swali la kwanza la kufanya. Wale watoto wa miaka 17 watakaokuwa wanaandika haraka haraka pembeni yako usiwaangalie. Wengine wanaandika haraka kwa sababu hawajui wanachoandika. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Nitakupigia saa sita mchana, ukishatulia. Sitakuuliza swali la tatu ulifanyaje na sitaki kusikia fulani kapata jibu gani. Pepa likishakusanywa limekusanywa, na Alhamisi una baiolojia. Nitakuuliza umekula nini. Halafu utaniambia kama bei ya nyanya imepanda, maana huku Dodoma wanatuuzia kwa bei ya kutukomoa.

Haya, funga hiyo kaunta buku. Ambacho hukijui saa hizi hakitaingia saa nane usiku, kitafukuza tu vile ulivyonavyo. Weka alamu, zima data, kalale. Mbusu Ilham, ila usimwamshe.

Mungu akutangulie, shoga yangu. Nakupenda sana.

Neema