MINT: OMBI LA KUFUNGULIWA KABATI LA NYAYA, GHOROFA YA TATU

Nyumba 4B,
Tudor, Mombasa.
14 Oktoba 2025

Kwa Bwana Msimamizi wa Jengo,

Assalaam aleikum, na pole kwa kazi.

Nakuandikia kwa niaba ya nyumba nne: 3A, 3B, 4A na 4B. Twakuomba utufungulie kabati la nyaya la ghorofa ya tatu, lile lililo kando ya ngazi, siku ya Alhamisi tarehe 16 Oktoba, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tano asubuhi, fundi wa faiba apate kutafuta hitilafu ya laini tunayoshiriki.

Tangu Jumapili ya tarehe 28 Septemba mtandao wetu hukatika mara nyingi kwa siku. Hukatika kwa nyumba zote nne kwa dakika ile ile, na ghorofa ya pili hawana tatizo lolote. Ingekuwa waya wangu peke yake, ningeumia peke yangu. Fundi alitueleza kwamba faiba moja hupanda kutoka chini, huingia kwenye kisanduku cha kugawia kilichomo kabatini mwa ghorofa ya tatu, kisha hutoka nyaya nne kwenda kwetu. Ghorofa ya pili wana faiba yao. Kwa hivyo hitilafu iko kwenye ile faiba yetu moja inayopanda, au ndani ya kisanduku chenyewe.

Kuna jambo nililoliona kwa macho yangu. Jumatatu tarehe 6, mlinzi alifungua kabati hilo kusoma mita za maji. Wakati huo nilikuwa nimekaa mbele ya ruta, taa ya LOS, ile ya kuonya kwamba mwanga wa faiba haufiki, ikiwa nyekundu tangu alfajiri. Ghafla ikazimika na mtandao ukarudi. Nikashuka. Mlango ulikuwa wazi, na waya mweupe mwembamba ulikuwa umepita juu ya bawaba ya chini, umekunjika kama ukucha, ganda lake limebonyea. Sikuugusa. Mlinzi alipofunga mlango, nilipanda nikakuta taa ni nyekundu tena.

Faiba ni uzi wa kioo, na mwanga hupita ndani yake. Ukikunjwa kwa kona kali, mwanga huvujia pale penye kona hata kama uzi haujakatika. Ukurasa wa ruta yangu uliandika hivi, mlango ukiwa wazi na kisha ukiwa umefungwa:

```
RX Power: -19.4 dBm
RX Power: -28.7 dBm
```

Tofauti hiyo ni kusema kwamba mwanga unaonifikia hupungua hadi takriban moja ya nane. Fundi asema ruta za aina hii zahitaji usishuke chini ya -27. Sisemi nina hakika ni bawaba. Huenda kisanduku nacho kimeingia unyevu, au kiungio kina uchafu. Ndiyo maana twahitaji kipimo.

Fundi amekuja mara mbili, na mara zote mbili mlinzi alimzuia kwa kuwa hana idhini yako. Alifanya sawa, na simlaumu. Lakini mimi hufanyia nyumbani kazi ya maingizo ya forodha, na karatasi zikichelewa kontena hulala Kilindini na gharama ya hifadhi humwangukia mteja. Mtoto wa 3A anajiandaa kwa mtihani na masomo yake ya jioni ni ya mtandaoni. Wiki mbili hizi zimetuchosha.

Kazi yenyewe ni ndogo. Fundi atapima mwanga unaoingia kwenye kisanduku na unaotoka, kisha atapitisha taa nyekundu ndani ya uzi: mahali palipokunjwa au kuvunjika huonekana pakiwaka. Ikionyesha chini zaidi, tutaomba na kabati la ghorofa ya pili. Hatatoboa ukuta, hatagusa stima wala mabomba, na faiba haina umeme, kwa hivyo hakuna haja ya kuzima chochote. Zitakazokatwa kwa muda ni nyumba zetu nne tu, nasi sote tumekubali. Tafadhali mlinzi au wewe mwenyewe muwepo. Tutapiga picha kabla na baada, na gharama ya fundi ni juu yetu.

Ombi moja zaidi, nalo ni la haraka: hadi siku hiyo, mtu yeyote asiuvute waya ule mweupe kuunyoosha. Ukivunjika kabisa, itabidi uunganishwe upya. Pia asiwepo wa kuchungulia ncha ya faiba iliyochomolewa. Mwanga wake hauonekani kwa macho, na unaweza kuyadhuru.

Kama Alhamisi haikufai, nitajie siku nyingine ndani ya wiki hii, hata baada ya Magharibi. Waweza kumwachia mlinzi jibu, au ugonge 4B. Nipo nyumbani kutwa.

Wako mpangaji,
Bi. Rukia, 4B