SAFARI YA MWAMGONGO, JUMAMOSI 15 AGOSTI 2026: MAHALI, SAA NA MCHANGO

Assalaam alaykum na habari za jioni, wazee wetu, mashangazi, kaka, dada na wajukuu mlioazimwa simu msome.

Huu ndio ujumbe wa mwisho wenye saa na hesabu kamili za safari yetu ya boti kwenda harusini Mwamgongo. Ule wa wiki iliyopita uliosema tunaondoka saa 2:00 ufuteni, kuna walioutuma kwenye makundi mengine na tayari wawili wameuliza wafuate upi. Fuateni huu.

*Kukutana:* mwalo wa Kibirizi, saa 12:00 kamili asubuhi, Jumamosi 15 Agosti.
*Boti inang'oa:* saa 1:15 asubuhi.
*Kurudi:* Jumapili 16 Agosti, boti inatoka Mwamgongo saa 1:30 asubuhi.
*Mchango:* 30,000 kwa mtu mzima, 15,000 kwa mtoto chini ya miaka 12.
*Mwisho wa kulipa:* Alhamisi 13 Agosti, saa 2:00 usiku.

Wageni wetu wa Tabora, zingatieni: Kigoma jua linachelewa kuchomoza kuliko kwenu. Saa 12:00 bado ni giza, kwa hiyo mje na tochi na msidhani mmewahi mno. Ile saa nzima na robo kati ya kukutana na kuondoka si ya kunywa chai. Ni ya kupakia mzigo, kuvaa maboya na kuhesabu watu, na haipunguki. Boti haiondoki gizani, na saa 1:15 ikifika na mwanga umekubali, aliyepo ndiye msafiri.

*Kufika Kibirizi*

Haisi imekodiwa kwa watu 16: Ujiji 6, Mwanga 3, na wa Tabora 7 watakaokuwa wamelala Mwanga. Inatoka Ujiji, sokoni, saa 11:15 alfajiri, inapita Mwanga saa 11:35, inashusha Kibirizi kabla ya saa 12:00. Ni 40,000 kwenda tu, yaani 2,500 kila kichwa, na hii haimo kwenye ile 30,000. Mlipeni dereva mkononi, mje na chenji. Wengine tisa mnaotoka Gungu, Katubuka na Kibirizi kwenyewe mtajitegemea kwa bajaji au bodaboda. Anayechukua bodaboda amwahidi dereva tangu Ijumaa jioni, maana alfajiri hawapatikani kirahisi.

Wa Tabora fikeni Ijumaa mchana kwa basi. Mkishuka stendi ya Masanga, kaka Hamisi atawapokea. Wanawake wanalala kwa shangazi Mwajuma, wanaume kwa baba mdogo, nyumba ya pili. Anayefikiria kuja na treni ije imshushe Jumamosi asubuhi aache wazo hilo: treni ikichelewa saa moja tu, boti imeshaondoka.

Mkifika mwaloni msiende kwenye boti za abiria za kawaida, hata mpiga debe akiwashika mkono na kusema anawajua. Boti yetu ni ya kukodi, ina mstari wa kijani ubavuni, na mwenye daftari atasimama mbele yake na kitambaa cheupe begani. Jina lako likitiwa alama ndipo unapewa boya.

*Hesabu yote*

Tuko 25: watu wazima 18 wanaochangia kamili, watoto 4 wa nusu, na wazee wetu 3 ambao hawatozwi. Hiyo ni mafungu 20 ya 30,000, jumla 600,000. Matumizi yake:

Kukodi boti, nahodha na msaidizi, siku mbili: 200,000
Petroli lita 90 kwa 3,100: 279,000
Oili ya injini lita 2 kwa 13,000: 26,000
Maboya ya kuongeza 12 kwa 2,000: 24,000
Wabebaji, Kibirizi na Mwamgongo: 25,000
Ushuru wa mwalo na mzigo: 20,000
Akiba: 26,000

Walioshangaa lita 90, hesabu ni hii. Kwenda tunaelekea kaskazini na msimu huu upepo unatoka kusini, unatusukuma, lita 35 zinatosha. Kurudi tunaupiga uso kwa uso na boti imebeba watu zaidi, ndiyo maana kuna lita 45. Kumi ni za dharura na haziguswi hadi tuone taa za Kibirizi, au tuseme mabati yake maana itakuwa mchana. Petroli inanunuliwa kituoni Ijumaa saa 10:00 jioni, na inachanganywa na oili nchi kavu: dumu la lita 20 kwa oili mililita 400. Kuchanganyia ndani ya boti huku inayumba ndiko kunakoleta vipimo vya kubahatisha. Oili ikipungua injini inaungua, ikizidi plagi zinashika masizi na injini inazimika katikati ya maji. Kaka Hamisi amepewa plagi 2 za akiba na kamba ya kuwashia.

Maboya: boti inayo 20 na yote ni ya watu wazima. Tunakwenda watu 27 pamoja na nahodha na msaidizi wake. Kurudi tutakuwa 30, kwa sababu shangazi wawili wanabaki na upande wa bibi harusi wanakuja watano, naye akiwemo. Leseni ya boti ni watu 35, nafasi ipo. Tukiongeza 12 tunapata maboya 32, na kati ya hayo 12 manne ni madogo kwa ajili ya watoto. Msimvalishe mtoto boya la mtu mzima mkaona yatosha: akitumbukia linapanda juu, kichwa kinabaki chini yake. La kwake ni lile lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na mkanda huo ufungwe, usiachwe unaning'inia. Vaeni boya *juu* ya kanga au koti. Mnajua wenyewe kwa nini nasema hivyo, picha zitapigwa tukifika.

*Malipo*

Tumeni kwenye namba ya mama mdogo Zaituni, ileile iliyobandikwa juu ya kundi, na mtume na ya kutolea. Watu 20 wakituma bila ya kutolea, akiba yote inaliwa na makato. Ukishatuma andika hapa jina la msafiri, si la mwenye laini, maana wiki iliyopita 30,000 ilikaa siku mbili bila mwenyewe kwa kuwa ilitumwa na simu ya mwanafunzi.

Hadi leo jioni yameingia mafungu 11, yaani 330,000. Kati ya hizo, 100,000 mwenye boti ameshapewa kama kishika nafasi. Zimebaki kukusanywa 270,000. Sitaandika majina ya ambao bado. Kila mtu anajijua.

Anayejitoa hadi Jumatano usiku anarudishiwa yote. Kuanzia Alhamisi harudishiwi, labda alete mtu wa kukaa nafasi yake walipane wenyewe. Wanaobaki Mwamgongo hawapunguziwi: boti inarudi vilevile. Wageni watano wa kurudi nao hawatozwi, hao ni wa kwetu sasa. Na akiba ikibaki nzima, kumrudishia kila fungu 1,300 ni kumfaidisha mwenye mtandao tu. Imeamuliwa itakwenda kwa wapishi, na risiti zote mama mdogo atazipiga picha Jumatatu aziweke hapa.

*Mzigo*

Mzigo wa pamoja ni mchele magunia 2 ya kilo 50, sukari kilo 25, ndoo ya mafuta ya kupikia lita 20, kreti 6 za soda, na sanduku la mkaja na kilemba. Uwe umefika kwa baba mdogo Ijumaa kabla ya Magharibi. Mchele unatiwa kwanza kwenye mfuko wa nailoni ndipo kwenye gunia, na unalazwa juu ya mbao, si sakafuni mwa boti, kwa sababu maji hayakosi kujikusanya pale chini. Nahodha ameomba vizito vikae katikati, nyuma kidogo. Mawimbi yakitoka nyuma na pua ya boti ikiwa nzito, inachota maji.

Sanduku halipakiwi na wabebaji. Linakaa miguuni kwa babu. Bahasha ya mahari anayo yeye tangu nyumbani na haipiti mkono mwingine.

Mtu mmoja, begi moja la kubebeka mkononi, pamoja na shuka, chandarua kama unacho, na maji ya kunywa lita 1.5. Nguo ya harusi na simu ziwe ndani ya mfuko wa nailoni. Magodoro hapana. Mtakaa juu ya mbao saa mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo kanga ya kukalia itawafaa kuliko godoro.

*Njiani*

Anayechafukwa na maji asikae mbele, kule boti inajipiga. Akae katikati kuelekea nyuma, atazame milima ya ufukweni badala ya simu. Kuleni kitu chepesi kabla, chapati kavu au muhogo wa kuchemsha. Chai ya maziwa iacheni hadi tufike.

Tutapita mbele ya Hifadhi ya Gombe. Hatushuki. Hifadhi ina kiingilio na taratibu zake na hakuna hata shilingi yake kwenye hesabu hii. Watoto waambiwe mapema kwamba sokwe wako msituni huko juu. Nyani huenda tukawaona wakitembea ufukweni. Kasekela, pale Jane Goodall alipoanza kazi yake mwaka 1960, tutaionea majini.

Mwamgongo tutarajie saa 4:00 asubuhi au kidogo baadaye. Tutashukia majini, yanafika magotini, hivyo vaeni ndala na msiruke kabla nahodha hajazima injini na kuinua propela. Wazee watashikwa na vijana wawili wawili. Ndoa ni baada ya Alasiri, muda wa kuoga na kubadili nguo upo.

*Upepo ukikataa*

Nahodha anaangalia ziwa saa 12:30 na neno lake ndilo la mwisho, hata kama bwana harusi amekwishavaa. Akisema tusubiri, tunasubiri hadi saa 3:00. Ndoa ni alasiri, hata kwa kuchelewa huko tunawahi. Ikipita saa 3:00, babu atapiga simu Mwamgongo wapange na shehe, na petroli yetu inabaki kwenye madumu kwa siku itakayopangwa. Jumapili hivyohivyo, ila siku hiyo msilale sana: upepo wa mbele huongezeka kadiri jua linavyopanda, na ndiyo sababu ya saa 1:30.

Ambaye hajalipa anajibu hapa leo "nakuja" au "siji". Kimya kitahesabiwa "siji", kwani maboya yanaagizwa kesho saa 4:00 asubuhi.

Katibu wa safari