Neno la dakika kumi kabla ya msaragambo wa mfongo

Mwinjilisti, shikamoo. Picha zako mbili za daftari zilinifikia jana usiku. Ya kwanza inasomeka. Ya pili kivuli cha mkono wako kimeangukia pembe ya chini, nikalazimika kuikuza simu mpaka herufi zikapasuka. Nimenakili kwanza jinsi ulivyoandika, ili uone mwenyewe nilipokisia:

"MW 26:17–22. Kufukia, kifusi, nani? / Majina ya baba!! / Eseki, Sitna, aliondoka, si uoga / Rehobothi, nafasi / ndugu wawili, isale (mshale unapanda juu) / dk 10, watu wamesimama."

Kuna neno moja karibu na "aliondoka" ambalo ni ama "kukimbia" ama "kukumbuka". Nimechukua la kwanza, maana linaendana na "si uoga". Mshale wa isale sikuufuata: uliupeleka kwenye majina ya baba, mimi nimeuacha mwishoni, anapokuja Abimeleki kutafuta amani. Kwa hiyo utagusa mstari wa 26 hadi 31 pia, kwa kusimulia tu, bila kusoma. Mfano wa ndugu wawili umeuandikia maneno matatu. Nimeujaza kama ulivyousimulia kwenye jumuiya wakati wa Kwaresima. Nikikosea, kata.

Dakika ya 0 hadi 1. Salamu

Bwana Yesu asifiwe! (Ngoja waitikie.) Mmeacha ng'ombe hawajakatiwa majani, na umande bado uko kwenye migomba, sitawachelewesha. Niulize swali moja. Ni nani hapa amewahi kukuta mfereji umeziba, na akamjua kabisa aliyeuziba? (Waache wacheke. Usimtazame mtu.)

Dakika ya 1 hadi 3. Somo

Kijana mmoja asome Mwanzo 26:17–22, polepole, akigeukia watu walio upande wa juu wa mfereji, maana maji yakiwa yanapita huwa hawasikii. Mwambie mapema atamke Eseki, Sitna na Rehobothi mara mbili.

Dakika ya 3 hadi 5. Waliofukia

Isaka alishushwa Gerari na njaa. Akapanda katika nchi ya watu, akavuna mara mia mwaka uleule. Kondoo wakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na Wafilisti wakamwonea wivu. Sasa tazameni wivu ulifanya nini. Visima vile vilichimbwa na watumishi wa baba yake, Abrahamu. Wafilisti hawakuviiba. Walivijaza kifusi.

Ndugu zangu, mwizi wa maji ana nafuu. Akikugeuzia mfereji usiku, kesho mahindi yake yanaota, na angalau kijiji kimepata gunia. Anayefukia hapati kitu. Na yeye ana ng'ombe, na yeye ana kiu, ila yuko radhi ng'ombe wake walambe vumbi mradi wako nao walambe.

Leo tutatoa humu vigogo vya migomba, chupa, mifuko, pengine na godoro. Tutajua vimetoka kwa nani huko juu. Tuvitoe tu. (Kimya kidogo.)

Dakika ya 5 hadi 6 na nusu. Majina ya baba

Umeweka alama mbili za mshangao hapa, na mimi nadhani ndiyo nyama ya neno lote, kwa hiyo usiharakishe.

Isaka alivichimba upya, kisha akaviita majina yaleyale aliyoyaita baba yake. Jasho ni lake, lakini jina halikubadilika. Sisi mtu akikarabati kibanda cha bomba anataka kibao cha marumaru na mgeni wa kukata utepe!

Huu mfongo tunaosimama juu yake ulitolewa mtoni na watu wasiokuwa na pima maji wala ramani, wakaupitisha kwenye kingo za mlima kwa macho na kwa kuyajaribu maji yenyewe. Nani anaweza kunitajia jina lake, na nduwa zake tatu kuanzia juu?

(Hapa mpe nafasi mzee au bibi mmoja ajibu. Mtafute mapema, ukimvizia atapoteza dakika nne kwa historia ya ukoo. Akimaliza, waambie vijana warudie majina yale kwa sauti. Hiyo ndiyo hoja yako, huhitaji kuifafanua.)

Dakika ya 6 na nusu hadi 8. Eseki na Sitna

Kisima cha kwanza bondeni, wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yao. Isaka akakiita Eseki, ugomvi. Akachimba cha pili, wakakigombania nacho, akakiita Sitna, uadui. Akaondoka tena.

Mtu atasema huyu ni mwoga, anakimbia. Rudini mstari wa 16. Abimeleki mwenyewe alikuwa ameshamwambia Isaka kwamba ana nguvu kuliko wao. Mwenye nguvu ndiye aliyehama. Aliona kwamba siku moja ya kupigania kisima kilichopo ni siku moja ambayo kisima kipya hakichimbwi, na mifugo hainywi hukumu.

(Mwinjilisti, niruhusu neno. Hapa kuna akina mama ambao zamu yao ya usiku huibiwa kila kiangazi, na kuna mjane asiye na pa kuhamia, kihamba chake ni hichohicho. Akisikia "ondoka" atadhani unamwambia anyamaze. Kwa hiyo nimeongeza sentensi inayofuata, usiiruke.)

Sisemi aliyeibiwa zamu anyamaze. Kamati ya mfereji ipo, aende, na sisi tumsindikize. Nasema na yule mwenye nguvu, mwenye mashamba mawili, anayegombania cha tatu.

Dakika ya 8 hadi 10. Rehobothi, na isale

Cha tatu hawakukigombania. Akakiita Rehobothi, nafasi. Na baada ya hapo, waliomfukuza wakamfuata wenyewe wakitaka agano. Isaka akawauliza waziwazi, mbona mnanijia nanyi mlinichukia? Hakujifanya amesahau. Kisha akawaandalia karamu, wakala, wakanywa, asubuhi wakaapiana.

Nawajua ndugu wawili waliogombana kwa mpaka wa kihamba miaka mingi. Mpaka wenyewe ni mstari wa masale, na kila mvua ikinyesha mmoja analisogeza isale moja hatua moja. Siku moja mkubwa akakata jani la isale palepale mpakani, akalishika mkononi, akaenda kwa mdogo wake. Hakusema neno. Mnajua wote jani lile likiletwa mlangoni maana yake nini. Mdogo akalipokea, akamwita mkewe alete mbege.

Mmea uleule uliokuwa ukisogezwa usiku ndio uliopelekwa mchana.

Tuombe, kila mtu na jembe lake mkononi. Bwana, tuondolee kifusi. Waliochimba kabla yetu, tusaidie tusiwasahau majina. Tupe nafasi. Ameni.

(Baada ya ameni usitoe matangazo. Mwenyekiti wa mfereji agawe watu papo hapo: vijana waanzie juu kwenye mdomo wa mto, akina mama nduwa ya pili, wazee wabaki hapa wakinoa mapanga. Jua likiwa limeshapanda ulipofika kwenye somo, kata habari ya marumaru na utepe, lakini bibi wa kutaja nduwa umwache aseme.)