Ritifaa ya Kiingereza: Mwenye Mali au Herufi Iliyoanguka?

Karatasi ya somo, darasa la jioni la watu wazima, Kibuye, Kisumu

Wanafunzi wangu,

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alinionyesha picha ya ubao wa kibanda chake: FRESH TOMATO'S. Mchoraji alikuwa ameshalipwa na kwenda zake. Leo tuitazame alama hiyo ndogo polepole, kwa sababu mnawaandikia wateja kila siku, na hasara ya kuchorewa ubao mara mbili naijua.

Ritifaa si ngeni kwenu. Mnaiandika katika ng'ombe na ng'ambo. Malenga naye huitumia akibana mizani: badala ya nitakuja huandika n'takuja. Irabu imeanguka, alama imebaki mahali pake. Ishikeni hiyo n'takuja, maana Kiingereza hufanya vivyo hivyo.

Herufi iliyoanguka

I am huwa I'm, they are huwa they're, let us huwa let's, do not huwa don't. Alama hukaa pale herufi ilipoanguka, wala si pale maneno mawili yalipokutana. Ndiyo maana do'nt ni kosa: iliyoanguka ni o ya not, iliyokuwa kati ya n na t. Won't ndiyo mkaidi. Maana yake ni will not, lakini o yake ilitoka katika umbo la kale la will. Hiyo ikaririni tu.

Mwenye mali

Sisi hutaja mali kwanza, kisha mwenyewe: duka la Akinyi. Kiingereza hugeuza: Akinyi's shop. Njia yangu ni hii: andika mwenye mali kikamilifu, inua kalamu, ndipo uweke alama.

Fundi mmoja: the tailor's table. Mafundi wengi: the tailors' table, kwani s ya wingi ipo tayari na haihitaji mwenzake. Lakini wingi usioishia na s huongezewa: children's, women's, fishermen's.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. The boy's boat na the boys' boat husikika sawa kabisa masikioni. Kwenye karatasi, ya kwanza ni mashua ya kijana mmoja, ya pili ni ya vijana kadhaa. Wavuvi wa Dunga wakiandikiana makubaliano kwa Kiingereza, alama hiyo ndiyo itakayosema mwenye mashua ni mmoja au ni wengi.

Jina likiishia na s, James's boat na James' boat zote hukubalika. Chagua moja, ushikamane nayo.

Makosa ninayoyasahihisha kila wiki

Kubwa kuliko yote ni its na it's. It's ni it is au it has, basi. Its ni -ake ya kitu au mnyama: the fish and its tail. Mtauliza, mbona mwenye mali hapa hana alama? Kwa sababu its ni ndugu wa his, her, our na their, na ukoo huo hauna ritifaa. Ukiwa na shaka, soma it is kwa sauti. The fish and it is tail haina maana, ondoa alama. Kipimo hichohicho hutenganisha your na you're, whose na who's, their na they're.

Wingi wa kawaida hauhitaji alama. Nyanya ni tomatoes, miaka ya tisini ni 1990s. Kitenzi nacho hakihitaji: Akinyi sells fish, kamwe si sell's.

Jaribio

Dakika kumi, bila kuulizana. Sahihisha kila sentensi. Moja haina kosa.

1. The boat has lost it's paddle.
2. We dont open on Sunday.
3. Wafulas motorbike is outside.
4. The womens group meets at Kibuye.
5. Whose carrying the fish?
6. Nakuru's farmers grow potatoes.
7. My three sisters shop is in Kondele.
8. Your late again.

Majibu (kunja karatasi hapa kabla hujaanza)

1. its, kafi ni ya mashua. 2. don't. 3. Wafula's. 4. women's, aliyeandika womens' amesahau kwamba women ni wingi tayari. 5. Who's, yaani who is. 6. Iko sawa, aliyeweka alama kwenye potatoes arudie sehemu ya nyanya. 7. sisters', dada ni watatu na duka ni moja. 8. You're.

Aliyekosa ya 4 au ya 7 anione Alhamisi kabla ya somo, aje na daftari lake.