Yah: Ombi la barua ya kuthibitisha upangaji wangu Nyakato

Geita,
6 Novemba 2025.

Mama Neema,
Nyakato, Mwanza.

Shikamoo Mama. Ni mimi Baba Rehema, niliyepanga vile vyumba viwili na sebule upande wa uani, karibu na tenki.

Mama, narudi Mwanza. Nimepata nyumba Pasiansi, bei tumeshakubaliana na dalali ameshapata chake. Kilichobaki ni mwenye nyumba. Mpangaji aliyetoka alimkimbia usiku na kumwachia bili ya maji ya miezi minne, kwa hiyo sasa hampi mtu ufunguo mpaka aone barua ya mwenye nyumba wa zamani. Ya mwenyekiti wa mtaa ninayo, kasema haitoshi. Simlaumu.

Naomba uniandikie barua fupi. Ili usihangaike kupekua daftari, nilipanga kwako tangu tarehe 1 Machi 2021 hadi 29 Februari 2024, miaka mitatu kamili, nikaondoka kwa sababu ya uhamisho wa kazi. Kodi ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, tukaipandisha kuwa 170,000 kuanzia Machi 2023, nami nikilipa kwa miezi sita sita. Bili ya mwisho ya MWAUWASA niliilipa kabla sijatoka. LUKU hatukuwahi kugombania kwa kuwa mita yangu ilikuwa peke yake. Matundu ya pazia niliyaziba na kupaka rangi (rangi haikufanana sana, najua), na funguo zote tatu nilimkabidhi Neema.

Kuna jambo moja sitaki ulifiche. Kodi ya Septemba 2022 niliichelewesha wiki tatu, mama Rehema alipolazwa Bugando. Nilikuja kukueleza mapema, ukanivumilia, nikamaliza yote. Liandike lilivyokuwa. Nimeshamwambia huyu wa Pasiansi, na itakuwa aibu akisikia kwangu kitu na kwako kingine. Na kama kuna kero nyingine niliyokuachia bila kujua, niambie kwanza ili nije tuimalize.

Ukiandika kwa mkono inatosha kabisa. Weka tarehe, jina lako kamili, namba ya simu na sahihi. Anaweza kukupigia kuhakikisha. Mjibu chochote atakachouliza kuhusu upangaji wangu, nimeridhia. Neema akipiga picha ya barua na kunitumia kwenye simu, nitaiwasilisha siku hiyo hiyo, halafu karatasi yenyewe nitaifuata Jumamosi. Nyumba ananishikia hadi Ijumaa tarehe 14 Novemba, kwa hiyo nikiipata kufikia Jumatano nitashukuru sana.

Risiti zangu za benki zote sita ninazo, ukitaka kulinganisha nitakutumia leo hii.

Mama Rehema anakusalimu, na anauliza kama ule mpapai wake bado unazaa.

Mwanao,
Baba Rehema