Kabla Hujaingia Ngomeni

Assalam alaykum Mtaalamu,

Uone sikukuita kaka. Kaka ninao nyumbani na wananitosha, tena wanakula sana. Wewe bado nakutafutia jina lako. Kwa usiku huu chukua hilo la Mtaalamu, ulizoee, ili kesho kwenye intavyuu yako ya Ngome ya Lamu ukiitwa hivyo mbele ya wale waheshimiwa usigeuke nyuma kutafuta nani anaitwa.

Najua hujalala. Umekodoa mato darini unajihoji mwenyewe na kujijibu. Basi ngoja nikwambie jambo ambalo wanaokuhoji kesho watalijua baada ya saa nzima, na mimi nalijua tangu mwezi uliopita: wewe kazi hii unaiweza. Vyeti vyako vyote vimepita mikononi mwangu, na mwenye mashine ya fotokopi hafichwi kitu. Nimeiona hisabati yako ya kidato cha nne, hiyo tusiitaje. Nimeiona na A ya historia. Siku ile sikusema neno kwa sababu nyuma yako palikuwa na mzee ananihimiza nimtolee nakala za hati ya shamba lake, lakini cheti kile nilikipitisha mashineni mara mbili, na wino haukuwa na kosa lolote.

Na zile picha za pasipoti. Ulipokea bahasha ukatia mfukoni bila kuhesabu. Hesabu. Moja imepungua, iko kwenye droo yangu ya chenji, chini ya noti za hamsini. Naishika rehani mpaka uje kuidai. Umenuna humo kama mtu aliyenyimwa biriani ya harusini, kwa hivyo kesho tafadhali usiwatolee uso huo. Watolee ule wa jana, ulipokaa kwenye benchi langu ukajifanya unasubiri mvua ipite. Mvua yenyewe ilikuwa imeanuka zamani, sote wawili tulijua.

Jana ndipo nilipokuona ulivyo. Ulianza kunieleza habari za nyumba za kale hata ukasahau kuona haya. Ukanambia vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina kikomo chake: karibu mita tatu hivi, ukizidisha inapinda. Kwa hivyo si fundi aliyeamua upana wa chumba, ni mti. Mimi nilitikisa kichwa kwa adabu, lakini moyoni nikasema ahsante mikoko. Watu wawili wakiwa katika chumba hicho hawana ujanja ila kukaribiana. Hilo usiwaambie kesho. Mengine yote waambie.

Wakikuuliza kwa nini ukuta wa matumbawe usipigwe plasta ya saruji, usikimbilie maneno ya kitabuni. Waambie ulivyonambia mimi: ukuta ule unanyonya unyevu na chumvi, na chokaa inauacha utoe ulichonyonya, lakini saruji inaufungia ndani, mpaka plasta inavimba na kubanduka na jiwe lake. Ukainuka ukanionyesha hapo hapo ukutani kwangu. Ulipagusa kwa kidole kimoja tu, kikadondoka kipande kikubwa kama sahani. Nimekifagia. Mwenye nyumba hajajua, na akijua nitamtuma kwako, Ngomeni, afisini kwako.

Ila miaka, bwana wewe! Miaka unaichanganya ukishikwa na wasiwasi. Ngome ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821. Jela ilikuwa mpaka 1984. Mji wetu kuingia kwenye orodha ya UNESCO ni 2001. Unanisikia? Mimi nisiyeajiriwa na mtu nimeshaihifadhi kwa kukusikiliza tu, na siku hizi nikihesabu karatasi zangu najikuta nimeruka kutoka 1821 hadi 1984. Kosa lako. Ukikwama, usibabaike ukaanza kukuna kisogo. Nyamaza kidogo, meza mate, endelea. Ukinyamaza unapendeza, wao watadhani ni hekima.

Vaa shati la samawati. Lile jeupe linakufanya uonekane karani wa kadhi. Tai usiikaze ukajinyonga, nataka urudi hai. Udi jifukize, lakini kidogo, chumba cha intavyuu hakina madirisha makubwa na wale wageni wa bara wasije wakapiga chafya kwa ajili yako. Na usipite Usita wa Mui saa mbili na nusu asubuhi. Punda wa mchanga na mawe wanakuwa wameujaza, na punda hajui kama una miadi ya saa tatu. Pita ufuoni, upate na upepo, kisha uingie Mkunguni kwa utulivu. Wazee walioketi pale chini ya mikungu waamkie mmoja mmoja, usiwapungie mkono wa jumla. Nusu yao watakuombea, nusu watauliza wewe ni wa nani. Hilo la pili tutalijibu siku nyingine.

Ukifika mlangoni soma dua ya Nabii Musa, ile ya kukunjuliwa kifua na kufunguliwa fundo la ulimi. Ni dua yenye nguvu. Mimi huisoma kila nikikuona unavuka kizingiti cha duka langu, na bado naishia kukuuliza tu, "Rangi au nyeusi?"

Basi niseme na lililo zito, maana usiku mtu hupata ushujaa. Mamako alipita dukani juzi akanambia ukiikosa hii utakwenda Mombasa kwa mjomba wako. Nikamjibu kwa mdomo mtamu, "Mungu amfungulie milango, mama." Moyoni nilikuwa namtajia Mungu mlango gani. Ule mkubwa wa Ngomeni, pale pale, hatua chache kutoka kwangu. Sina ubaya na Mombasa. Ni mbali tu kwa mtu wa kuja kutoa fotokopi.

Lakini usiende kesho umebeba hilo, hapana. Ukiipata nitafurahi, usipoipata sitakupunguzia hata kidogo. Benchi langu halikuuliza kama una kazi ulipolikalia. Wewe ingia, sema unayoyajua, waache nao waone mato yako yanavyong'aa ukianza kusema chokaa na mikoko. Nawaonea wivu kidogo, watakusikiliza bila kukatizwa na wateja.

Mungu akufanyie wepesi. Sasa zima simu. Usinijibu usiku huu, ukinijibu nitajua hukusoma, unachezea simu. Kesho ukitoka, hata kabla hujampigia mtu wa Mombasa, ndoo dukani. Nimeshaagiza halua na birika la kahawa chungu baada ya alasiri. Ukiwa umefanya vizuri utalipa wewe. Ukiwa umeharibu nitalipa mimi. Ukija na shati jeupe, utalipa na ya jirani.